Mizani imegoma kwenye 81, lakini gauni linapwaya

*Shangazi, assalaam aleikum. Nina miaka 34, mama wa watatu, nauza nguo za watoto sokoni hapa Jinja. Nilianza kupunguza mwili Jumatatu moja nikiwa na kilo 84.2. Niliacha rolex ya jioni, nikaacha sukari kwenye chai, na posho nakula nusu ya ile niliyozoea. Wiki ya kwanza peke yake nikapungua kilo mbili, nikafurahi sana. Tangu wiki ya tatu niko 81, 81 na pointi, haiendi mbele wala nyuma, na wiki hiyo ya tatu ndiyo niliyoanza kuruka kamba na kupanda kilima kila asubuhi! Ijumaa ya wiki ya nne, siku niliyoingia hedhi, nikakuta 82.0. Jana tulikuwa kwenye harusi Iganga, nikala pilau kama watu wengine, leo Jumapili asubuhi mizani inasema 82.6. Juzi mjini nilipimwa na yule kijana wa mizani ya barabarani akaniambia 84, yaani nimerudi nilipoanzia. Cha ajabu, gauni langu la Idi linanipwaya kiunoni.*

*Jirani ananiambia mwili umezoea njaa na umefunga, nile mara moja tu kwa siku. Mwenye duka la dawa ameniuzia vidonge vya kutoa maji, vinaitwa furosemaidi, bado sijavimeza. Diklofenaki nameza kwa ajili ya tumbo la hedhi na magoti. Nakutumia picha ya daftari langu la uzito na la siku zangu. Nifanye nini? — Mama Watatu, Jinja*

Waaleikum salaam, mama. Kwanza kabisa, vile vidonge usivimeze. Nitaeleza kwa nini, ila nataka uvitoe nyumbani leo kabla hujamaliza kusoma, hasa ukiwa na watoto wadogo.

Nimekaa na daftari lako jioni nzima, na nakushukuru kwa kuandika kila siku, maana wengi huniandikia "nimekwama" bila namba hata moja. Lako linaonyesha mafuta yanapungua. Mizani haikuonyeshi hivyo kwa sababu yenyewe haijui mafuta. Inapima kila kitu kilichosimama juu yake: mafuta, misuli, mifupa, maji, chakula kilicho tumboni na mkojo ambao hujaenda kuutoa. Katika vitu hivyo, mafuta hubadilika polepole, na maji ndiyo yanayobadilika haraka. Kwa hiyo ukitazama namba ya leo na ya kesho, karibu kila mara unatazama maji.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Rolex ya chapati mbili na mayai mawili, pamoja na mafuta ya kukaangia, hupita kalori 600. Ukiiondoa, ukaondoa na ile sukari, kisha nikarudisha samaki na mboga ya dodo unazokula usiku badala yake, nakadiria kwamba unakula pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 450 hivi kila siku. Gawanya kwa 7,700 utapata gramu 60 kasoro. Hayo ndiyo mafuta unayochoma kwa siku: gramu 60, na kwa wiki kama gramu 400. Sasa kikombe kimoja kikubwa cha chai kina uzito wa gramu 300. Ukikinywa kabla ya kupanda kwenye mizani, umeficha kazi ya siku tano.

Ndiyo maana ile wiki ya kwanza, mama, ndiyo iliyokuharibia hesabu. Hukupoteza kilo mbili za mafuta. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini katika umbo linaloitwa glaikojeni, na mtu mzima hubeba kama nusu kilo ya akiba hiyo akiwa amekula vizuri. Kila gramu moja ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ulipokata posho na chapati na sukari kwa pamoja, sehemu ya akiba ilitumika, na maji yake yakatoka kwa mkojo. Labda umekumbuka jinsi ulivyokuwa ukienda chooni siku zile. Katika kilo mbili za wiki ile, mafuta yalikuwa chini ya nusu kilo. Nyingine ilikuwa glaikojeni, maji, na tumbo lililokuwa na chakula kidogo kuliko kawaida. Mtu akishaona kilo mbili kwa wiki moja, gramu 400 zinazofuata humwonekea kama si kitu. Naona wengi wakiacha hapo hapo, wiki ya tatu au ya nne, na huo ndio wakati kazi inakwenda sawasawa.

Sasa tulifungue daftari lako kuanzia pale ulipoona umekwama. Nimejumlisha uzito wa siku saba za kila wiki nikagawanya kwa saba. Wiki ya pili wastani wako ni 81.5. Ya tatu ni 81.3. Ya nne ni 81.6. Ya tano ni 81.0. Ukizitazama hivi hivi, utasema kweli huyu mtu kasimama. Mimi nikachukua lile daftari la pili, la siku zako, nikaliweka pembeni.

Hedhi yako ilianza Ijumaa ile kabla ya Jumatatu uliyoanza. Basi wiki ya kwanza na ya pili ulikuwa kwenye nusu ya kwanza ya mzunguko, wakati ambao mwili wa mwanamke kwa kawaida hushika maji kidogo. Wiki ya tatu na ya nne ukaingia nusu ya pili. Homoni zinabadilika, figo zinaanza kurudisha chumvi badala ya kuitoa, na chumvi ikibaki maji nayo hubaki. Kwa wanawake wengi maji hayo hufika kileleni siku ile ile hedhi inapoanza au karibu nayo, kisha hutoka yenyewe siku chache baadaye. Wengine hawaoni tofauti kabisa, wengine huongezeka nusu kilo, wengine kilo na zaidi. Wewe ulikuta 82.0 Ijumaa ya wiki ya nne, siku ya kwanza ya hedhi, na ukaandika pembeni "nimechoka na haya mambo". Siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote katika mwezi mzima kumhukumu mwanamke kwa mizani.

Sasa nifuate hapa. Wiki ya tano daftari linasoma hivi: Jumatatu 81.1, Jumanne 80.9, Jumatano 80.7, Alhamisi 80.6, Ijumaa 80.4, Jumamosi 80.5. Kutoka 82.0 ya Ijumaa ile hadi 80.4 ya Ijumaa iliyofuata ni kilo moja na nusu na ushee ndani ya siku saba. Hakuna mtu anayechoma mafuta kiasi hicho kwa kuacha rolex. Ni maji ya hedhi yaliyotoka, na chini yake ikaonekana kazi ya wiki tatu iliyokuwa imefunikwa. Ile 80.4 ndiyo namba ndogo kuliko zote katika daftari lako, na hata hukuipigia mstari! Uliiandika kwa haraka ukaenda sokoni, halafu harusi ikaja ikaifuta.

Tuje kwenye harusi yenyewe, maana naona ndiyo iliyokuuma. Jumamosi asubuhi 80.5, Jumapili asubuhi 82.6. Tofauti ni kilo 2.1. Kama hayo yangekuwa mafuta, ungetakiwa kula kalori zaidi ya 16,000 juu ya mahitaji yako ya siku. Sahani ya pilau iliyojaa, yenye nyama yake, tuseme ina kalori 700. Ungekula sahani zaidi ya ishirini, mbali na chakula chako cha kawaida. Nawajua watu wa Iganga kwa ukarimu, lakini ishirini hazikufika.

Kilichotokea ni vitu vitatu vilivyokutana usiku mmoja. Pilau ya shughuli ina chumvi, kachumbari ina chumvi, sumbusa zina chumvi, na viungo vile vya pakiti vinavyotiwa kwenye sufuria kubwa navyo ni chumvi tupu. Mwili hushika chumvi kwa kipimo maalum: kama gramu 9 kwa kila lita ya maji. Ukila chumvi ya ziada gramu 5, ambayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, mwili utashika zaidi ya nusu lita ya maji mpaka figo zipate nafasi ya kuitoa, na hiyo huchukua siku moja, mbili, wakati mwingine tatu. Halafu kuna wali. Glaikojeni uliyoipunguza kwa wiki tano ilipata wanga, ikajijaza. Gramu 200 tu za akiba zikirudi, zinakuja na gramu 600 za maji, jumla gramu 800. Cha mwisho ni chakula chenyewe. Mmekula usiku, mkakaa kwenye taksi kurudi Jinja, na kulipokucha sehemu kubwa ya kile chakula ilikuwa bado iko njiani tumboni. Chakula kilichomo tumboni kina uzito wake kama kilivyokuwa nacho sahanini. Jumlisha vitatu hivyo, kilo mbili zinapatikana bila tabu. Mafuta halisi uliyoongeza usiku ule, kama ulizidisha kalori elfu moja, hayafiki gramu 150. Kazi ya siku mbili na nusu, basi.

Jambo la nne liko kwenye barua yako, nawe umelitaja kana kwamba ni la kushangaza: kwamba ulikwama wiki hiyo hiyo uliyoanza kuruka kamba na kupanda kilima. Si ajabu. Misuli ambayo haijazoea kazi hupata michubuko midogo midogo ndani yake. Ndiyo yale maumivu ya mapaja unayoyasikia siku ya pili unaposhuka ngazi. Ili kuirekebisha, mwili hupeleka maji na chembe za kutibu pale, kama unavyoona kidole kilichobanwa na mlango kikivimba, ila huu uvimbe umetawanyika ndani ya mapaja yote mawili na hauonekani kwa macho. Juu ya hilo, misuli inayofanyishwa kazi hujifunza kuweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, na maji yake. Anayeanza mazoezi mapya anaweza kubeba nusu kilo, hata kilo moja, ya maji haya kwa wiki kadhaa, halafu hupungua misuli inapozoea. Wewe ulianza wiki ya tatu, yaani uliyaanza pamoja na maji ya hedhi. Yote mawili yakapanda gari moja.

Na diklofenaki? Inaingia hapa pia, na ningependa kuisisitiza kwa sababu kwetu watu huimeza kama peremende. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzuia kidogo uwezo wa figo kutoa chumvi. Mtu anayezimeza siku kadhaa mfululizo anaweza kuongezeka uzito wa maji, na miguu ikavimba kidogo jioni. Ukizimeza siku zile za hedhi, unaongeza maji juu ya maji. Si hivyo tu, zinaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Kwa tumbo la siku moja au mbili za hedhi watu wengi hazitawadhuru, lakini za magoti kila siku hapana. Magoti yakiendelea kuuma, punguza kamba, tembea tu kile kilima, na uende ukayaonyeshe.

Sasa mizani ya yule kijana wa barabarani. Sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Lakini wewe umepimwa mchana, umekula, umekunywa, umevaa nguo nzito na labda viatu, na simu na pesa za mauzo ziko mfukoni. Mizani yake ni ile ya mshale, imekaa kwenye udongo usio sawa, na hujui lini mara ya mwisho mshale ulirudishwa kwenye sifuri. Ile 84 na ile 80.5 ya kwako si namba za kulinganishwa. Hata ya kwako uitunze: iweke kwenye sakafu ya simenti, mahali pale pale, kamwe si juu ya mkeka au zulia, na betri zikichoka badilisha kabla haijaanza kuropoka. Panda asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na kanga ile ile. Na kama mizani yako ni ya zile zinazotoa pia asilimia ya mafuta, usiiangalie hiyo asilimia. Inapitisha umeme mdogo miguuni na kukisia mafuta kutokana na maji ya mwilini, kwa hiyo siku ulizoshika maji ndizo itakazokudanganya zaidi.

Jirani yako anasema mwili umefunga. Nimelisikia hili miaka yote niliyofanya kazi ya lishe na halichoki kurudi. Ni kweli kwamba mtu akipungua, mwili wake hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, kwa kuwa umekuwa mdogo na pia hubana matumizi kiasi. Lakini kubana si kufunga. Pale Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwaweka wanaume 36 waliojitolea kwenye chakula kidogo kwa miezi sita, kama nusu ya walichozoea. Hakuna aliyeacha kukonda kwa sababu mwili umefunga, walibaki mifupa. Kilichowatokea ni kwamba wengi walivimba miguu kwa maji. Njaa kali yenyewe huufanya mwili ushike maji. Basi ukimsikiliza jirani ukala mara moja kwa siku, utaendelea kupoteza mafuta, utapoteza na misuli, na mizani inaweza kukwama kuliko ilivyo sasa. Halafu usiku mmoja utashindwa, utakula kila kilichomo jikoni, na kesho yake utakuta kilo mbili za maji. Hapo ndipo wengi wanaposema "mwili wangu haukubali".

Vidonge sasa. Kwa jina ulilonitajia, ni furosemaidi. Ni dawa nzuri sana kwa mtu ambaye moyo au figo zake zimeshindwa kutoa maji, na daktari ndiye anayeipima. Kwako ingefanya hivi: ungekojoa sana siku ile, ukaona kilo moja au mbili zimeshuka, ukafurahi, na kati yake hakuna hata gramu moja ya mafuta. Pamoja na maji inatoa chumvi na potasiamu. Potasiamu ikishuka misuli hukakamaa, mwili hulegea, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika, na hilo ndilo linaloua. Ukiiacha, figo hushika chumvi kwa nguvu zaidi na maji hurudi, mara nyingine zaidi ya yale ya mwanzo. Nawe ukiona hivyo ungemeza tena. Nimeona wanawake waliofika hospitalini kwa njia hiyo, na mwenye duka aliyewauzia hakuwepo.

Kama unataka kusaidia maji yatoke, kunywa maji kama kawaida, usijinyime. Punguza chumvi ya mezani na viungo vya pakiti, lala, na subiri siku tatu. Sina zaidi ya hayo, na hayauzwi.

Lakini kuna maji yasiyo ya kusubiri. Leo jioni bonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, pale mbele ya mguu, kwa sekunde kumi. Ukiachia, ngozi itarudi. Kama shimo linabaki, na liko miguu yote miwili siku nyingi, nenda kituo cha afya. Nenda pia ukiamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, au mkojo ukiwa na povu jingi, au ukishindwa kupumua ukilala chali. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, hasa nyuma, kwenye shavu la mguu, usisubiri kukuche. Na kama kuna uwezekano wa mimba, pima kwanza kabla ya kujadili kilo.

Tukiachia hayo, kipimo chako cha pili kiko sokoni kwako: tepu ya fundi cherehani. Zungusha usawa wa kitovu, umetoa pumzi, bila kukaza, asubuhi, mara moja kwa wiki. Usipime siku mbili za kabla ya hedhi kwa sababu tumbo nalo hujaa. Umeniambia gauni la Idi linapwaya. Nguo haipwayi kiunoni kwa sababu ya kukojoa. Kiuno kinapopungua huku kilo zimesimama, mafuta yanatoka na maji yameshika nafasi yake kwa muda. Hilo gauni lina ushahidi mzito kuliko yule kijana wa barabarani.

Kwenye uzito, acha kulinganisha wiki na wiki iliyoitangulia. Linganisha wiki na wiki ile ile ya mzunguko uliopita. Wiki ya kwanza na ya tano ni wiki moja kwenye mzunguko wako, lakini ya kwanza ina yale maji ya glaikojeni, tuiache. Ya pili na ya sita ndizo zinazofaa. Ya tatu na ya saba, ya nne na ya nane, hivyo hivyo. Mtu akifanya hivi, hedhi inajiondoa yenyewe kwenye hesabu, maana iko pande zote mbili.

Hadi utakaposoma haya, wiki ya sita itakuwa imeisha. Fungua daftari. Ziache Jumatatu na Jumanne, hizo bado zina maji ya pilau. Chukua siku tano zilizobaki, jumlisha, gawanya kwa tano, uweke pembeni ya 81.5 ya wiki ya pili. Wiki nne za gramu 400 ni kilo 1.6, ambazo zingekupeleka 79.9. Nikikuachia nusu kilo ya maji ya kamba na kilima ambayo huenda bado hayajatoka, natarajia uwe mahali fulani kati ya 79.8 na 80.6. Ukiwa humo, usibadilishe kitu chochote. Usipunguze posho zaidi, usiongeze kilima.

Ikiwa iko juu ya 81.3 na kiuno hakijasogea hata sentimita moja, bado usibadilishe. Subiri wiki ya saba uilinganishe na ya tatu, na ya nane na ya nne. Zote zikikataa, hapo tutasema umekwama kweli, na hapo tatizo si maji bali ni chakula. Niandikie tena na uniletee unachokula kwa siku nne, moja iwe Jumapili. Mafuta ya kupikia usiniambie "kidogo": yapime kwa kijiko cha mezani, maana kijiko kimoja kina kalori 120. Binyebwa nao wapime, hao ndio ninaowashuku kwanza, kwa kuwa mchuzi wa karanga haumtishi mtu kama rolex inavyomtisha. Na andika vipande unavyoonja sufuriani ukiwapakulia watoto, hata kama unaona aibu kuviandika.